Ukifaulu, Waandikie Wanaokufuata

Ndugu msomaji, kila mara Baraza la Mitihani la Tanzania litangazapo matokeo ya Kidato cha Nne, nyumba zetu za mjini hugawanyika mafungu mawili kwa muda wa saa chache tu. Katika nyumba moja watu hupiga vigelegele. Katika nyumba ya pili, pengine ukuta kwa ukuta na ile ya kwanza, mlango hufungwa na redio huzimwa. Zamani habari hizi zilitembea kwa miguu. Mwanafunzi alikwenda shuleni, akasoma karatasi iliyobandikwa ubaoni, akarudi nyumbani akawaambia wazazi wake, na jirani alipata kusikia kesho yake au keshokutwa. Siku hizi habari husafiri kwa simu ya mkononi. Chai haijapoa mezani, ujumbe umekwisha kuingia katika kundi la darasa, kundi la ukoo, kundi la mtaa na kundi la wafanyakazi wenzake baba. Aliyefaulu na aliyeanguka huusoma kwa wakati mmoja.

Safu yetu Jumapili hii inahusu ujumbe huo. Mwanafunzi aliyefaulu aandike nini, ili furaha yake isimchome mwenzake, na ili wale watakaofanya mtihani mwakani wapate kitu cha kushika mkononi?

Wako wazazi wanaosema kwamba dawa ni kunyamaza, kwa kuwa chema chajiuza. Shauri hilo lina heshima yake, lakini lina hasara pia. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ile ile, anayekalia dawati lile lile na kufundishwa na mwalimu yule yule, anahitaji mno kujua kwamba aliyemtangulia amevuka, na amevuka kwa njia gani. Habari hiyo hawezi kuipata katika orodha ya matokeo. Orodha humwonyesha mtu alipofika, haimwonyeshi alikopitia. Basi aliyefaulu anayo kazi ya kufanya kwa kalamu yake, mradi aifanye kwa adabu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme yupo binti aliyesoma katika shule ya kata pembezoni mwa jiji. Hatuna haja ya kumpa jina. Tumwite binti yetu. Tangu Kidato cha Pili hisabati ilimshinda, na katika mtihani wa majaribio, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, alipata alama 21 kati ya 100, yaani F. Yeye na wenzake watatu wakaunda kikundi cha kujisomea kila Jumamosi. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata A katika biolojia, B katika kemia, jiografia, Kiswahili na uraia, C katika hisabati, Kiingereza na historia, na D katika fizikia.

Wazazi ambao shule tuliiacha siku nyingi tukumbushane kidogo namna hesabu hii inavyofanywa. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo matokeo yanavyokuwa mema. Binti yetu ana 1 ya biolojia, 8 za zile B nne, na 6 za C mbili. Jumla ni 15. Kwa kuwa Daraja la Kwanza huanzia pointi 7 na kuishia 17, binti huyu amepata Daraja la Kwanza. Fizikia na ile C ya tatu hazikuingia katika hesabu.

Sasa tumwangalie akiwa ameshika simu. Moyo unamwenda mbio, vidole vinatetemeka, na ujumbe wa kwanza unaomjia ni huu:

“Daraja la Kwanza, pointi 15! Waliosema shule ya kata haitoi watu sasa wako wapi? Nimewapita hata wa shule za kulipia. Kila anayejituma hufaulu, asiyefaulu alikuwa anacheza. Asante Mungu.”

Chini ya maneno hayo ameweka picha ya kioo cha simu yake, ikionyesha matokeo kama yalivyotolewa na Baraza.

Tuanze na picha, maana ndiyo yenye madhara ya haraka kuliko yote, na ndiyo ambayo watu wengi hawaifikirii. Matokeo ya Kidato cha Nne hutolewa shule kwa shule. Mstari mmoja ni wa mtahiniwa mmoja: namba yake, jinsi yake, jumla ya pointi, daraja, kisha alama ya kila somo. Binti yetu alipopiga picha mstari wake, alipiga pia mistari miwili ya juu na mitatu ya chini. Majina hayamo, ni kweli. Lakini wanafunzi hao walikaa katika chumba cha mtihani kwa kufuata namba hizo hizo. Kila mmoja darasani anajua nani alikuwa mbele yake na nani alikuwa nyuma yake. Kwa picha moja, binti ametangaza habari za wenzake watano bila kuwauliza, na pengine mmoja wao bado hajapata ujasiri wa kumwambia mama yake. Mtu akisema kwamba matokeo yako wazi kwa kila anayetaka kuyatafuta, tumjibu kwamba ni vitu viwili mbalimbali, mlango usiofungwa na mtu kumchukua mwenzake mkono kumtoa barazani.

Namba ya mtihani yenyewe nayo haifai kuanikwa. Ikishafuatana na jina kamili na jina la shule, hutosha kumpa tapeli maneno ya kuanzia. Atapiga simu nyumbani akijidai ni karani wa chuo, ataje namba na alama zote bila kukosea, kisha aombe fedha ya fomu ya kujiunga. Mzazi aliyetajiwa alama za mwanawe sawasawa ni mwepisi wa kuamini. Basi, ndugu msomaji, picha hiyo na iondoke.

La pili ni lile swali, “sasa wako wapi?” Maneno haya hufanya shukrani kuwa mkuki. Huenda ni kweli kwamba shangazi au jirani alisema maneno ya kuvunja moyo. Lakini ujumbe unaowalenga watu wawili husomwa na watu mia mbili, na kila mmoja hujiuliza kama yeye ndiye anayesemwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambaye ndiye aliyestahili kuandikiwa, hapati chochote katika ugomvi huo. Njia ya kutambua kosa hili ni rahisi: ukiona ndani ya ujumbe wako kuna mtu unayetaka aumie anaposoma, ondoa sentensi hiyo yote. Usiipunguze makali, iondoe.

La tatu ni kujipima na wenzako. Binti ameandika pointi zake, kisha akasema amewapita wengine. Pointi ni kipimo kizuri kwa kazi yake, yaani kupanga madaraja na kuchagua wa kuendelea na masomo. Ila katika maongezi ya rika huwa ngazi: aliyepata 15 humtazama chini aliyepata 19, na mwenye 19 humtazama chini mwenye 24, ingawa wote watatu wamefaulu. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza mnamo Januari 2023 matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, liliacha desturi ya siku nyingi ya kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ikiwa chombo chenye orodha yote mkononi kimeona kuwa hakuna haja ya kuwapanga watoto foleni mbele ya taifa, sisi wenye simu hatuna sababu ya kuwapanga upya mtaani.

La nne ndilo zito zaidi: “Kila anayejituma hufaulu, asiyefaulu alikuwa anacheza.” Hili husemwa kwa nia njema, kana kwamba ni kuwahimiza wengine. Tulitazame ndani ya kikundi kile cha Jumamosi. Walikuwa wanne. Mmoja wao ndiye aliyeijua vizuri zaidi hesabu ya pembe tatu, na ndiye aliyemfundisha binti yetu mpaka akaelewa. Mwenzake huyo alikuwa akiamka usiku kumsaidia mama yake kukaanga maandazi ya kuuza, na katika mwezi ule wa mwisho mama alipougua, biashara yote ikawa juu yake. Amepata Daraja la Nne, pointi 29. Je, alikuwa anacheza? Binti yetu anajua kwamba sivyo. Sentensi aliyoandika ni ya uongo, na mtu wa kwanza inayemsingizia ni mwalimu wake mwenyewe wa pembe tatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikula naye sahani moja.

Baada ya kuyaona hayo, wapo watakaoruka kwenda upande wa pili. Watafuta kila kitu na kuandika hivi: “Jamani, mimi hata sikusoma sana. Ni Mungu tu. Sikutegemea kabisa.” Maneno haya huonekana kuwa ya unyenyekevu, nayo hupokewa kwa sifa. Kumshukuru Mungu ni haki na desturi yetu, na hatuna la kusema hapo. Ila kusema kwamba hukusoma, ilhali ulisoma mpaka mafuta ya taa yakakuishia, ni kujisifu kwa mlango wa uani. Maana yake kwa anayesikia ni kwamba una akili za kuzaliwa nazo, ambazo yeye hakupewa. Aliyesoma sana akaanguka ataona kwamba hana tumaini tena. Wa Kidato cha Tatu ataona kwamba kusoma hakuna maana. Na ile njia ambayo ingewafaa wote imefichwa. Unyenyekevu wa kweli haupunguzi kazi iliyofanyika. Huieleza kama ilivyokuwa, pamoja na waliosaidia na pamoja na mahali iliposhindikana.

Basi binti aandike nini? Shauri letu ni kwamba aanze kwa kuamua anamwandikia nani. Akiandika kwa watu wote, ataandika kama mtu anayehutubia. Akimfikiria mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu ambaye jana amerudishiwa karatasi ya hisabati yenye alama 21, kalamu itajiongoza yenyewe. Mwanafunzi huyo hana kazi na pointi 15. Anataka kujua mambo matatu: ulianzia wapi, ulifanya nini hasa, na anaweza kukupata wapi akikwama. Hebu tujaribu:

“Ndugu zangu, matokeo yametoka na nimefaulu, namshukuru Mungu na wote walionisaidia. Nawaandikia hasa wadogo zangu wa Kidato cha Tatu wanaoiogopa hisabati. Katika mtihani wa majaribio nilipata 21. Mwalimu alinishauri niache kusoma kila kitu kwa pamoja, nianze na mada tatu nilizokuwa karibu kuzielewa. Kila Jumamosi mimi na wenzangu watatu tulifanya mtihani mmoja wa miaka iliyopita kwa saa, kisha tukasahihishana. Kila kosa niliandika katika daftari moja, nikalirudia Jumatano. Pembe tatu nilifundishwa na mwenzangu wa kikundi. Bila yeye nisingeielewa. Nimepata C. Fizikia bado imenishinda, nimepata D. Daftari langu la makosa lipo. Anayelitaka nitakuwa shuleni Jumamosi, saa tatu asubuhi.”

Ndugu msomaji, usome ujumbe huu mara ya pili, uone mambo yaliyomo na yasiyokuwamo. Daraja halikutajwa, wala pointi. Anayetaka kujua atauliza, naye atajibiwa. Kilichotajwa ni umbali: kutoka 21 kufikia C. Umbali haumdhalilishi mtu, kwa sababu kila msomaji anaweza kuupima kuanzia mahali alipo yeye mwenyewe. Hata mwenye F leo anaweza kusema, “Mimi nina 21, na huyu naye alikuwa nayo.” Tukumbuke tu kwamba matokeo ya taifa humpa mtahiniwa herufi, hayampi alama kwa tarakimu. Kwa hiyo binti aseme C na asibuni kwamba alipata 60. Herufi C huanzia alama 45 na kuishia 64, naye hajui yuko wapi katikati yake.

Pili, kila kitendo kilichosemwa kinaweza kufanywa na mtu mwingine. “Nilijituma” si kitendo. Hakuna awezaye kuamka asubuhi akajua namna ya kujituma. Lakini kufanya mtihani mmoja wa zamani, ule ambao wanafunzi huuita pasti pepa, saa ikiwa mezani, kusahihishana, kuandika makosa katika daftari moja na kuyarudia baada ya siku nne, hayo yanafanyika hata nyumbani kwa taa ya kandili. Hata lile la kuanza na mada tatu tu lina maana yake. Mwanafunzi mwenye F aliyebakiwa na miezi michache aghalabu hujaribu kuikimbilia silabasi yote, akafika kila mahali bila kukaa popote. Habari kama hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Kipimo chake ni hiki: ukiondoa jina lako katika ujumbe, je, kuna kilichobaki ambacho mwanafunzi mwingine anaweza kukitumia Jumatatu? Ikiwa hakuna, ulichoandika ni tangazo la sifa, hata kama kimejaa maneno ya upole.

Tatu, ile D ya fizikia. Wazazi wengine wataguna: kwa nini aitoe aibu yake hadharani ilhali haikuingia hata katika hesabu ya daraja? Hatusemi kwamba kila mtu lazima aandike alama yake mbaya. Tunachosema ni kwamba sentensi moja ya ukweli namna hiyo hufanya kazi ambayo maneno kumi ya kujishusha hayawezi. Inamwonyesha msomaji kwamba aliyeandika ni mtu kama yeye, na inazuia watu kuja kumwomba msaada wa fizikia ambao hana. Akiona uzito kuitaja, aiache. Ila asiseme kwamba masomo yote yalimnyookea.

Nne, tazama namna alivyowataja wenzake. Amesema walikuwa wanne na kwamba mmoja alimfundisha. Hakutaja jina la yeyote, wala hakusema wenzake wamepata nini. Katika mambo ya heri ni desturi yetu kuwataja waliotusaidia, na mwalimu anaweza kutajwa kwa furaha yake mwenyewe. Kwa mwanafunzi mwenzako ni tofauti siku ya matokeo. Ukimtaja jina, watu watakwenda mara moja kutafuta alama zake. Shukrani yako itakuwa ndiyo taa iliyommulika.

Kwa sababu hiyo lipo jambo la kufanywa kabla ya ujumbe wowote kutumwa, na tunaliweka hapa kwa makusudi ili lisisahaulike. Binti yetu ampigie simu mwenzake yule wa pembe tatu, au afadhali amwendee kwa miguu kama ni karibu. Asianze kwa kumpa moyo. Asiseme, “Usijali, utafaulu tu mwakani,” kwa maana hajui kama mwenzake anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kwenda kujifunza ufundi, au kulala tu siku tatu bila kusemeshwa. Amwambie alilokuja kusema: “Zile pembe tatu ulizonifundisha zimenivusha. Nataka kuwaandikia wadogo zetu na kusema kuwa nilifundishwa na mwenzangu. Je, waonaje?” Mwenzake anaweza kukubali. Anaweza kusema, “Nitaje jina kabisa.” Anaweza pia kusema, “Niache nje.” Lolote atakalosema ndilo litakalofuatwa. Kama hakupokea simu, sentensi ile na ingoje.

Kisha ujumbe wote ungoje. Usiku mmoja hautoshi kupoza furaha, lakini unatosha kumfanya mwandishi aone neno lililokaa vibaya. Siku ya kwanza ni ya nyumbani: wazazi, mwalimu, bibi aliyelipia daftari. Siku ya pili au ya tatu, wakati kundi la darasa limekwisha kutulia, ndiyo ya ujumbe. Hakuna mwanafunzi wa Kidato cha Tatu atakayepata hasara kwa kuchelewa siku mbili. Na kundi lichaguliwe. Ujumbe huu ni wa kundi la shule na wa wadogo wa mtaani. Katika kundi la ukoo yatosha kusema, “Nimefaulu, asanteni kwa dua zenu,” maana wajomba hawana haja na daftari la makosa ya hisabati.

Hapa inatubidi tuseme na wazazi wenzetu, kwa sababu mara nyingi mtoto huwa ameandika kwa kiasi, kisha baba akaja kuharibu. Baba huchukua picha ile ile tuliyoikataza, akaituma katika kundi la wafanyakazi wenzake kiwandani au ofisini, na chini yake akaandika, “Mbegu njema haiozi! Wenye macho waone!” Katika kundi hilo yumo dereva ambaye mwanawe amepata sifuri, na yumo msimamizi ambaye mwanawe alikuwa shule ya kulipia akapata Daraja la Tatu. Wote wawili wataandika “Hongera,” kwa sababu hapana lingine la kuandika. Kesho watakutana naye kantini. Ubaya wa jambo hili ni kwamba matokeo si ya baba. Ni ya mtoto, na kabla ya kuyatoa nje ni haki mtoto aulizwe, kama tunavyomwuliza mtu mzima kabla ya kusimulia habari zake. Akikubali, mzazi aseme kwa ufupi, “Binti yangu amefaulu mtihani wake, nawashukuru mlioniazima fedha na mlioniulizia hali yake.” Shukrani ya namna hii ina mwelekeo: inawarudia watu, haiwapandi kichwani.

Baada ya ujumbe kutoka, majibu yatakuja, na hapo ndipo wengi huteleza. Mtu ataandika, “Wewe ni kichwa bwana, umezaliwa na hesabu!” Binti akinyamaza amekubali, akikana kwa nguvu ataonekana kutafuta sifa zaidi. Amrudishe msifaji kwenye ile 21: “Asante sana kaka. Ningekuwa nimezaliwa nayo nisingepata 21. Kama una mdogo wako, mwambie Jumamosi tupo.” Mwingine atamtaja mwenzao aliyeanguka na kuanza kumcheka. Hapo binti asinyamaze. Aseme neno moja la kukata, “Huyo ndiye aliyekuwa akitufundisha,” kama ameruhusiwa kusema hivyo, kama hakuruhusiwa, aseme, “Tumwache, tuzungumze ya Jumamosi.” Mwenye furaha ya siku ile ndiye mwenye sauti. Akikataza, kundi litasikia kuliko angekataza mtu mwingine yeyote.

Kuhusu ahadi, tuwe wakali. Binti ameandika kwamba atakuwa shuleni saa tatu asubuhi. Basi awe pale saa tatu, hata kama atakuja mtoto mmoja tu, hata kama mvua imenyesha na daladala hazipatikani. Ahadi ya msaada iliyotolewa siku ya shangwe kisha ikasahauliwa ni mbaya kuliko majivuno, kwa sababu mwanafunzi aliyefika akakuta darasa limefungwa atajifunza kwamba maneno mazuri ni ya simu tu. Ikiwa hujui kama utapata nafasi, usiahidi kufundisha. Ahidi kitu kidogo kilichomo mkononi mwako, kama lile daftari, ambalo unaweza kumwachia mwalimu ili wanaolitaka walinakili.

Na mpaka wa haya yote tuuseme wazi. Hata ujumbe ulioandikwa kwa uangalifu wote huu hautamwondolea maumivu aliyeanguka, wala haukuandikwa kwa kazi hiyo. Huenda mwenzake wa pembe tatu ausome, auzime na kulia. Hilo si kosa la aliyeandika. Lakini mwezi mmoja baadaye, huzuni itakapopungua, mwenzake anaweza kuurudia ujumbe ule na asikute ndani yake neno hata moja lililomdharau, ila sentensi moja inayosema kwamba alifundisha na akaeleweka. Pengine siku hiyo atatembea mpaka shuleni, Jumamosi, saa tatu asubuhi, ambako watoto wa Kidato cha Tatu wamekwama kwenye swali la pembe tatu, na binti yetu ameshika chaki hajui aanzie wapi.

Tukutane Jumapili ijayo.